Barua kwa Wale 52

Kampuni inapoanzisha programu ya kuandaa viongozi wake wa baadaye, nguvu nyingi huenda kwa watakaochaguliwa. Hutafutwa ukumbi na wakufunzi, hupangwa ratiba ya miezi kadhaa, na siku ya uzinduzi hupigwa picha ya pamoja na mkurugenzi mkuu. Waliobaki, ambao karibu kila mara ndio wengi, hupata barua pepe ya mistari minne: tunakushukuru kwa kuomba, ushindani ulikuwa mkali, hukufanikiwa safari hii, usikate tamaa. Hakuna uongo humo, ila msomaji hapati neno hata moja linalomhusu yeye. Akiifunga simu hajui alipungukiwa wapi, nani aliamua, wala kama mlango bado uko wazi. Pengo hilo hulijaza mwenyewe, na kwa kawaida hulijaza kwa jambo baya kuliko ukweli: kwamba hapendwi, kwamba majina yalikuwa yamepangwa tangu awali, kwamba kabila au dini yake ndiyo iliyompunguzia.

Naandika kuhusu barua hiyo kwa sababu naamini ndiyo sehemu ya programu inayofichua kama vigezo vilikuwa vigezo kweli. Kigezo ambacho huwezi kumweleza uso kwa uso mtu aliyeshindwa, kwa maneno anayoweza kuyahakiki, hakikuwa kigezo. Kilikuwa hisia ya wakubwa iliyopewa jina zuri.

Tuanze na jambo linaloumiza wengi kwa sababu hawakuelezwa mapema. Programu za aina hii hazichagui wafanyakazi bora wa mwaka. Huuliza maswali mawili tofauti: huyu anafanyaje kazi aliyonayo leo, na je, ataiweza kazi kubwa zaidi na ya aina nyingine? Ofisi nyingi huyaweka majibu katika jedwali la visanduku tisa, ambalo mhimili wake mmoja ni utendaji na mwingine ni uwezo wa baadaye. Jedwali hilo asili yake ni Marekani katika miaka ya 1970, ambako kampuni ya General Electric na washauri wa McKinsey walilitumia kupanga biashara za kuwekeza na za kuachana nazo. Baadaye likahamishiwa kwa watu.

Kuyatenganisha maswali hayo kuna sababu. Mwaka 2019 wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mauzo katika makampuni 131 ya Marekani. Waliona kwamba aliyeuza zaidi ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kupandishwa kuwa msimamizi, lakini kadiri alivyokuwa muuzaji hodari zaidi kabla ya kupanda, ndivyo mauzo ya watu aliopewa kuwasimamia yalivyoelekea kushuka. Kampuni ilipoteza muuzaji na haikupata msimamizi. Kwa hiyo mtu mwenye alama za juu kabisa za utendaji anaweza kuachwa kwa haki. Anayepaswa kuwa wa kwanza kumwambia hivyo ni mwajiri wake, na wakati wa kumwambia ni siku tangazo la programu linapotoka, kabla hajajaza fomu.

Sasa tuchukue mfano tuufuate hadi mwisho. Nimeutunga, lakini kila kilichomo hutokea maofisini. Ni benki yenye matawi katika mikoa kadhaa ya Tanzania. Imetangaza programu ya miezi 18 ya kuandaa mameneja wa matawi, nafasi 12. Wameomba 64. Hatua ya kwanza ni kama geti: lazima uwe umepata angalau alama 4 kati ya 5 katika tathmini ya utendaji kwa miaka miwili mfululizo. Waliopita ni 41, na 23 wameishia hapo. Kuanzia geti hilo, alama za utendaji hazihesabiwi tena. Waliopita wote wanaanza sawa, na kinachopimwa sasa ni uwezo wa kuongoza tawi.

Kinapimwa kwa nusu siku ya mazoezi na kwa usaili. Zoezi la kwanza lina alama 30: unakabidhiwa lundo la barua, malalamiko na ripoti za tawi la kubuni, na saa moja ya kuamua kipi kianze, kipi asubiri nani, kipi apewe nani. La pili lina alama 40, nalo ni mazungumzo na msaidizi aliyekosea, ambaye anaigizwa na mtu aliyefundishwa kwa kazi hiyo. Usaili una alama 30, na waombaji wote wanaulizwa maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Kila zoezi lina wapimaji wawili ambao kila mmoja anaandika alama zake peke yake kabla ya kulinganisha na mwenzake. Sharti hilo la kuandika kwanza lina uzito mkubwa, kwa sababu wapimaji wakianza kwa kuongea, alama huwa za yule mwenye cheo zaidi.

Miongoni mwa 41 hao yumo ofisa mikopo wa tawi la Mbeya. Kati ya kila shilingi mia alizokopesha, zilizochelewa kulipwa kwa zaidi ya siku 30 ni mbili tu, na hakuna tawini anayemkaribia. Wateja humwuliza kwa jina. Katika lundo la barua anapata 26 kati ya 30, kwenye usaili 23 kati ya 30. Kwenye mazungumzo na msaidizi mpimaji mmoja anampa 14, mwingine 16, wastani 15 kati ya 40. Jumla ni 64. Aliyeshika nafasi ya 12 ana 71. Kama angepata 22 katika zoezi lile moja, wangelingana.

Dada huyu ataambiwa nini, na nani, na lini?

Kabla ya kuandika neno lolote, idara ya rasilimali watu inatakiwa kujua nani hasa anastahili kuandikiwa. Katika mfano wetu watu waliomba, kwa hiyo wote 52 walioachwa wanadai jibu. Lakini zipo programu ambazo hazina fomu ya kuomba. Mameneja hukaa faraghani wakapendekeza majina, na mfanyakazi hajui kwamba amejadiliwa. Kumwandikia mtu huyo kwamba hakuchaguliwa ni kumpa msiba ambao hakuwa nao. Yeye anachohitaji ni maelezo ya wazi kwa wafanyakazi wote kuhusu programu ipo kwa ajili gani na watu huingiaje, kisha mazungumzo ya kawaida na meneja wake kuhusu anakotaka kufika. Kunyamaza kabisa hakufai, maana siri ya aina hii haikai. Watu wale wale wakisafiri mara tatu kwenda mafunzoni, wenzao watahesabu wenyewe.

Hata wale 52 hawawezi kupewa barua moja. Aliyeishia getini na aliyekosa kwa alama saba wana habari tofauti. Wa kwanza ahitaji kujua kwamba mazoezi hakuyafikia, kwamba uwezo wake wa kuongoza haukupimwa wala kukataliwa, na kwamba kilichomzuia ni alama fulani ya mwaka fulani. Barua inayomwambia kwamba ushindani ulikuwa mkali inamdanganya, kwa sababu hakushindanishwa na mtu.

Mpangilio wa siku nao una kanuni zake. Habari mbaya itoke kinywani mwa meneja wake, faraghani, kabla ya majina ya waliochaguliwa kutangazwa. Barua ifuate kesho yake, ikiwa na maelezo ya kina, kwa sababu siku ya kwanza mtu akishasikia neno "hapana" hasikii vizuri kinachofuata. Majina yatangazwe baada ya kila mwombaji kuzungumziwa. Haya yote yapite ndani ya siku mbili, zikizidi kuwa tatu yatavuja. Aliyechaguliwa atapongezwa kwenye kundi la Watsap la tawi, na mwenzake atajua hatima yake kwa kuona vikaragosi vya kupiga makofi.

Meneja anayefanya mazungumzo hayo ahitaji kuandaliwa. Awe na fomu ya alama mezani, awe ameisoma, na ajue jambo moja la kulikwepa kuliko yote: kusema, "Dada yangu, mimi nilikupigania, ila wakubwa wamekataa." Wengi husema hivyo kwa huruma. Maana yake kwa msikilizaji ni kwamba uamuzi ulikuwa wa mapambano ya watu, kwamba alama ni pambo, na kwamba mwakani inafaa kutafuta mtetezi mwenye nguvu zaidi. Sentensi moja imeua vigezo vyote. Akiulizwa asilolijua, aseme atalifuatilia na ataje siku ya kuleta jibu.

Barua ya kesho yake kwa ofisa wa Mbeya ningeiandika hivi:

"Ndugu, kama meneja wako alivyokueleza jana, hukuchaguliwa katika programu ya miezi 18 ya kuandaa mameneja wa matawi. Waombaji walikuwa 64 kwa nafasi 12.

Ulipita hatua ya kwanza, ya utendaji wa miaka miwili. Katika hatua ya pili ulipata alama 64 kati ya 100, na aliyeshika nafasi ya 12 alipata 71. Kwenye lundo la barua ulipata 26 kati ya 30, na kwenye usaili 23 kati ya 30. Kwenye mazungumzo na msaidizi ulipata 15 kati ya 40, na hapo ndipo tofauti ilipotokea. Wapimaji wote wawili waliandika kwamba ulilitambua kosa la msaidizi haraka, lakini ulimpa jibu kabla hajamaliza kueleza kilichotokea, na mwishoni ulisema utakwenda kwa mteja wewe mwenyewe. Zoezi lilikuwa linapima namna ya kumwezesha mwingine aimalize kazi yake.

Matokeo haya ni ya programu hii ya mwaka huu. Hayaingii katika tathmini yako ya utendaji, hayagusi mshahara wala bonasi yako, na hayakuzuii kuomba nafasi yoyote ya meneja msaidizi itakayotangazwa.

Ukiridhia, kuanzia mwezi ujao utawasimamia maofisa mikopo wawili wapya wa tawi lako kwa miezi sita. Katika kipindi hicho lengo lako la mikopo mipya litapungua kwa robo. Meneja wako atakaa nawe kila baada ya wiki mbili kuzungumzia usimamizi huo tu.

Unaweza kuomba kuona fomu za wapimaji zinazokuhusu. Ukiona kosa, andika ndani ya siku 14, na maombi yako yatapitiwa na mtu ambaye hakushiriki katika uchaguzi. Programu nyingine bado haijatengewa bajeti, kwa hiyo siwezi kukuahidi tarehe."

Itiwe sahihi na mtu mwenye jina na namba ya simu, aliyekuwamo katika uamuzi. Barua iliyosainiwa "Idara ya Rasilimali Watu" haina wa kujibu swali.

Mtu anaweza kuiona barua hii kavu. Haina "tunathamini sana mchango wako" wala haimwambii asikate tamaa. Nimeyaacha kwa makusudi. Mtu aliyeachwa huzipima sifa kwa matokeo aliyoyapata, na sifa zisizo na ushahidi humfanya ahisi anabembelezwa. Heshima ya barua iko kwenye ile sehemu ya wapimaji: mtu fulani alimtazama kwa makini, akaandika alichokiona, na sasa anamwonyesha. Isome tena utaona kwamba imeeleza alichofanya, bila kumpachika tabia. Haikusema "huna stadi za uongozi" wala "unapenda kutawala kila kitu." Imesema alijibu kabla mwenzake hajamaliza na akajitolea kwenda mwenyewe. Hilo mtu anaweza kulikumbuka, akalikubali au akalikana, na kesho asubuhi akalifanya tofauti.

Wapo wakurugenzi wanaohofia kwamba kutaja alama na sababu kutafungua milango ya malumbano. Hofu hiyo naielewa, lakini ushahidi tulio nao unaelekea kwingine. Mwaka 1990 mtafiti Jerald Greenberg alichapisha matokeo kutoka viwanda vitatu vya kampuni moja ya Marekani. Viwili kati yake vilipunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10 baada ya kupoteza mikataba. Katika kimoja, wafanyakazi waliitwa kwenye mkutano mrefu, wakaonyeshwa hesabu, wakajibiwa maswali, na wakubwa wakaonyesha wazi kwamba wanasikitika. Katika kingine mkutano ulikuwa mfupi na sababu zikatajwa juu juu. Wizi wa mali ya kiwanda uliongezeka kotekote wakati wa makato, lakini pale palipoelezwa juu juu uliongezeka zaidi sana. Makato yalikuwa yaleyale, maelezo ndiyo yaliyotofautiana. Utafiti huo uliona pia kwamba maelezo mazuri hayakufuta maumivu yote. Wanaotegemea barua iliyoandikwa vizuri iwaondolee kila lawama watasikitika.

Na kuna jambo ambalo barua ya kweli inalazimika kulibeba: vigezo vyenyewe hukosea. Mwaka 2017 Jack Zenger na Joseph Folkman waliwachunguza watu 1,964 waliowekwa na makampuni yao katika kundi la wenye uwezo mkubwa wa baadaye. Walipowapima kwa maoni ya waliofanya kazi nao, asilimia 42 walikuwa chini ya wastani kwa uongozi, na asilimia 12 walikuwa katika robo ya mwisho kabisa. Benson, Li na Shue nao walirudi na utafiti mwingine, wa wafanyakazi wapatao 30,000 wa kampuni kubwa ya maduka ya rejareja. Wanawake walipata alama za juu kidogo kuliko wanaume kwa utendaji, lakini za chini kwa uwezo wa baadaye, na tofauti hiyo ilieleza sehemu kubwa ya pengo la kupandishwa vyeo kati yao. Kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. Wanawake waliopewa alama fulani ya uwezo walikuja kufanya vizuri kuliko wanaume waliopewa alama ileile. Mabosi walikuwa wamewapunja.

Ndiyo sababu sentensi ya "matokeo haya ni ya programu hii ya mwaka huu" ni hesabu ya haki zaidi kuliko faraja. Kipimo cha nusu siku hakiwezi kusema mtu atakuwa nani baada ya miaka kumi, na anayeandika barua asijifanye kwamba kinaweza. Ndiyo sababu pia benki yetu inapima kwa mazoezi yanayoonekana, haiwaachii mameneja wajaze kisanduku cha "uwezo wa baadaye" kwa hisia. Kabla barua hazijatumwa, kuna meza moja ya kuitazama: katika 64 walioomba wanawake walikuwa wangapi, katika 41 wangapi, katika 12 wangapi, vivyo hivyo kwa matawi ya mbali dhidi ya makao makuu. Wanawake wakiwa nusu ya waliopita getini kisha wawili tu kati ya 12, barua zisubiri. Fomu za zoezi lililowaangusha zirudiwe kwanza na mtu mwingine.

Kigezo kimoja kinahitaji tahadhari ya pekee, nacho ni utayari wa kuhama mkoa. Umeneja wa tawi mara nyingi unadai uhamisho, kwa hiyo swali ni halali. Lakini lipo swali halali na lipo la hatari. "Katika miezi 18 ya programu utahitajika kukaa miezi mitatu katika tawi la mkoa mwingine, utaweza?" ni swali la kazi, na linaulizwa kwa kila mtu. "Una watoto wangapi, na mume ataruhusu?" ni swali la familia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ikiwemo jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na inajumuisha mafunzo na upandishaji vyeo katika taratibu zinazolindwa. Mwajiri aliyemwondoa mama kwa jibu la swali la pili hana barua anayoweza kuiandika kwa ukweli. Ataandika "ushindani ulikuwa mkali."

Haki ya kuona fomu nayo si hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinampa mtu haki ya kupata taarifa zinazomhusu zinazoshikiliwa na wengine. Mpimaji anayejua kwamba maneno yake yanaweza kusomwa na aliyepimwa huandika alichokiona, na huacha kuandika "hana mvuto."

Turudi kwa pendekezo la kuwasimamia maofisa wawili wapya, kwa sababu ndilo linaloshika ari ya mtu kuliko sentensi yoyote. Mwaka 1956 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilianza utafiti uliosimamiwa na Douglas Bray. Vijana waliokuwa mwanzoni mwa safari ya umeneja walipimwa kwa siku kadhaa, utabiri ukaandikwa kuhusu nani atapanda, kisha matokeo yakafichwa ili mabosi wao wasiyatumie kuwapandisha wala kuwazuia. Miaka ilipopita, utabiri ulionekana kuwa na thamani: waliotabiriwa kupanda walipanda zaidi. Lakini kazi walizopewa miaka ya mwanzo nazo zilikuwa na uzito mkubwa. Miongoni mwa wale ambao hawakutabiriwa kufika mbali, waliopewa majukumu magumu mapema walifika umeneja wa kati kwa wingi zaidi kuliko wenzao waliopewa kazi nyepesi. Na waliotabiriwa mema, wakipewa kazi nyepesi, wengi walibaki nyuma.

Kwa hiyo ofisa wa Mbeya akipewa kozi ya siku mbili ya uongozi hotelini, amepewa kifuta machozi. Akipewa watu wawili wa kuwasimamia, amepewa lile alilolikosa. Lakini itazame ile robo ya lengo iliyopunguzwa. Mameneja wengi huiacha, wakidhani ofisa hodari atamudu yote mawili. Hatamudu. Mwisho wa mwezi lengo likibana atafanya kilekile wapimaji walichokiona: atazichukua faili za wale wawili azimalize mwenyewe, kwa sababu ni haraka zaidi. Jukumu la kujifunza lisilopunguziwa mzigo mwingine humrudisha mtu kwenye tabia anayotakiwa kuibadili, na baada ya miezi sita watu watasema wapimaji walikuwa sahihi.

Kuhusu ahadi, mwandishi wa barua awe mkali na nafsi yake. "Jaribu tena mwakani" ni maneno mepesi, na mara nyingi hayana msingi. Programu huenda isiwepo, vigezo huenda vikabadilika, na kwa mtu aliyepata alama 38 pengo halizibiki kwa mwaka mmoja. Kwa huyo ukweli wenye heshima ni kumweleza kwamba njia ya umeneja wa tawi iko mbali kwa sasa, kisha kumwuliza kama ndiyo anayoitaka kweli. Wapo waliojaza fomu kwa sababu hawakuona njia nyingine ya kupanda mshahara. Benki yenye ngazi ya mtaalamu mwandamizi wa mikopo, inayolipa vizuri bila kumtaka mtu awe meneja, itampa mtu huyo jibu la maana. Isiyo na ngazi hiyo itamkosa, na tatizo hilo barua haiwezi kulitibu.

Dalili za ujumbe ulioshindwa hazianzi na barua ya kuacha kazi. Huanza kimya. Aliyekuwa wa kwanza kujitolea kumshikia meneja nafasi wakati wa likizo anaacha. Kwenye kikao cha asubuhi hatoi wazo. Anaanza kutumia likizo zake zote kwa mpigo. Halafu ukifika mzunguko wa pili, majina ya walioachwa hayamo kwenye fomu za maombi. Hesabu hiyo ya mwisho ni rahisi kuipata na ni wachache wanaoitafuta: kati ya 29 waliofika kwenye mazoezi wakakosa, wangapi wameomba tena, wangapi waliomba kuona fomu zao, wangapi bado wapo kazini baada ya mwaka. Idadi ya walioomba kuona fomu ikiwa sifuri, wengine huipokea kama habari njema, kwamba watu waliridhika. Mimi ningempigia simu mmoja mmoja, kwa sababu katika watu 29 waliokosa nafasi, kutokuwepo hata mmoja mwenye swali kunaonyesha walishaamua kwamba kuuliza hakuna faida.

Na endapo ofisa wa Mbeya ataomba fomu zake, akagundua kwamba mpimaji mmoja alijumlisha vibaya na alama halisi ni 21 badala ya 14, wastani utakuwa 18.5 na jumla 67.5. Bado hafikii 71. Aandikiwe hivyo hivyo, kwa namba mpya, na sahihisho liingizwe kwenye faili lake ndani ya wiki ileile.